Ukingo si pindo: maana ya kusafisha kilemba kwenye picha

Juzi nimeisikia tena, safari hii katika studio moja ya Chikongola, hapa Mtwara: "Safisha pindo la kilemba, halafu sawazisha mwanga." Kijana akalisafisha pindo kweli. Picha ilikuwa ya mama wa Mikindani aliyejifunga kanga kichwani, mji mweupe na pindo jekundu, na ule wekundu uliopita juu ya paji la uso ukafutwa wote. Mama aliitazama picha kwa muda, akauliza, "Mwanangu, pindo langu limekwenda wapi?"

Kusafisha ukingo ni kuondoa kinachochomoza pale kilemba, ushungi au mtandio unapoishia na ukuta wa nyuma unapoanza: uzi uliofumuka, unywele, kichwa cha pini, kitambaa cha ndani kinachochungulia. Kusawazisha mwanga ni kupatanisha mwanga wa kitambaa na wa uso, ili mikunjo ionekane na macho yaonekane. Maana ndiyo hiyo.

Sasa hilo pindo. Neno limetokana na kupinda: ni pale fundi anapokunja nguo na kushona, na kwa kanga ni ule mpaka wa nakshi unaouzunguka mji. Pindo ni mali ya nguo. Ikunje kanga, itie sandukuni, pindo lake limo humo humo. Ukingo una undugu na kukinga, kama ukingo wa mto uzuiao maji. Katika picha, ukingo hutegemea mpiga picha amesimama wapi. Mama akigeuza shingo kidogo tu, ukingo umehama, na pindo liko palepale. Kwenye mtandio ulioachwa uning'inie, pindo huangukia ukingoni, na nadhani hapo ndipo watu walipoanza kuchanganya. Kwenye kilemba cha kanga, pindo laweza kupita katikati kabisa ya kichwa, na ukingo ukawa mkunjo wa mji tu. Matamvua nayo huponzwa na kosa hilihili. Tamvua lina wenzake, wamepangwa kwa nafasi inayolingana. Uzi uliofumuka uko peke yake na umeelekea kwake.

Tuliirudia picha ya mama kutoka kwenye faili la mwanzo. Cha kusafisha kilikuwa nyuzi tatu juu ya sikio la kushoto, mbele ya ukuta wa buluu. Kijana alikuwa ametumia `Heal` ya GIMP, programu ya kurekebishia picha. Chombo hicho huchanganya kile kinachonakiliwa na rangi zinazozunguka mahali pa kuwekea, ndiyo maana kinafaa katikati ya shavu. Ukingoni huvuta weupe wa kanga ukaingia kwenye buluu, na doa kama moshi hubaki. Tukachukua `Clone`, inayonakili bila kuchanganya, brashi ya pikseli 8, tukichota ukuta wa jirani na kuuweka ukutani. Mstari wenyewe tuliuachia ulaini wa pikseli 2 hivi, maana hata lenzi haiuchori kama wembe. Ukingo wa kilemba ukiwa mkali kuliko kope za macho, mtu huonekana amekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Neno sawazisha nalo linabanwa. Wengi wanalisikia kama kung'arisha, wengine kama kufanya vitu vifanane. Lakini mzani ukisawazishwa, huku kuna samaki na huku kuna jiwe, na hakuna kilichogeuka kuwa mwenzake. Picha hii ilipigwa nje mwezi wa Februari, saa sita na nusu mchana, wakati ambao kwetu jua liko karibu na utosini. Utosi wa kilemba ulikuwa unawaka na macho yamo kivulini. Kijana alipopandisha mwanga wa picha nzima, weupe wa kanga uligonga 255, ambayo ndiyo dari ya kipimo cha mwanga, na mikunjo ikapotea. Bahati yetu faili la mwanzo lilikuwa na 248 hapo utosini, kwa hiyo mikunjo ilikuwapo bado. Kama kamera yenyewe ingeandika 255 kwa rangi zote tatu kwenye JPEG, kusingekuwa na mkunjo wa kurudisha, ungepata kijivu kitupu. Tulipitisha `Burn` kwenye `Highlights` mpaka utosi ukashuka kufika 235 hivi, kisha `Dodge` kidogo kidogo kwenye macho na mashavu. Tuliacha mapema, kwa sababu uso mweusi ukilazimishwa kukikaribia kitambaa cheupe huwa kama umepakwa majivu.

Kwa hiyo kaka zangu na dada zangu wa studio, mkiagizana kazi, semeni hivi: safisha ukingo, pindo liache, shusha utosi, inua macho.