Bayo na maelezo ya mwandishi: nini kikae wapi unapotuma makala kwenye jarida

Kazi yangu ni kuhariri makala za kitaaluma, nyingi za isimu na fasihi, na kitu kinachorudishwa sana kwa waandishi, amini usiamini, sio nadharia wala takwimu, ni zile mistari mitano sita za mwandishi kujieleza. Mtu ameandika kurasa 20 safi kabisa halafu anafika kwenye wasifu wake anaanza kuandika kama anaomba kazi, au kama anatoa neno la shukrani kwenye sherehe.

Kwanza tuelewane, haya ni maandishi mawili na kila moja lina msomaji wake. Bayo, yaani ule wasifu mfupi, inasomwa na mtu aliyemaliza makala yako na anajiuliza huyu ni nani na amejuaje haya mambo. Maelezo ya mwandishi yanasomwa na mtu anayetaka rekodi: nani alilipia utafiti, data ilitoka wapi, una maslahi gani, nikupate wapi. Bayo inaruhusu ujoto kidogo. Maelezo ya mwandishi hayaruhusu hata chembe, yaandike kama taarifa ya benki. Wengi wanachanganya hapo, shukrani kwa msimamizi zinaingia kwenye bayo, tuzo na vyeo vinaingia kwenye maelezo.

Nichukue kesi moja. Mwandishi huyu sitamtaja, tumwite Fulani, ameandika kuhusu lugha ya vibao vya maduka Kariakoo. Bayo aliyoleta ilikuwa hivi:

"Dkt. Fulani M. Fulani ni mwanazuoni nguli na mbobezi wa isimujamii aliyezaliwa mkoani Tanga na kupata elimu yake ya msingi na sekondari huko huko kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu A, alikotunukiwa shahada ya kwanza, ya uzamili na hatimaye ya uzamivu. Amewasilisha makala nyingi katika makongamano ya ndani na nje ya nchi. Amewahi kuwa mratibu wa mitihani na mlezi wa chama cha wanafunzi. Anapenda kusoma na kusafiri. Ameolewa na ana watoto watatu. Kwa sasa yuko mbioni kuchapisha kitabu."

Hakuna uongo hapo. Shida ni kwamba ukiisoma baada ya makala ya vibao hujui bado kwa nini umwamini kuhusu vibao. "Nguli" na "mbobezi" ni maneno ambayo mtu anasemwa na wengine, ukijisemea mwenyewe msomaji anatabasamu tu, na mhariri anayafuta bila hata kukuuliza. "Makala nyingi" haina uzito, taja moja inayohusika au nyamaza. Shule ya msingi, ndoa na watoto ni mambo ya sivii ya zamani. Na ile "yuko mbioni kuchapisha kitabu" ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu makala inaweza kukaa mwaka mzima kabla haijatoka na ikishatoka inabaki hivyo miaka yote, kwa hiyo mwaka wa 10 mtu anasoma bado uko mbioni. Epuka "kwa sasa", "hivi karibuni", "anatarajia". Andika kitu ambacho kitabaki kweli hata ukistaafu.

Sasa nikampigia simu kumuuliza aliingiaje kwenye vibao, akaniambia, ah, kabla sijaanza kufundisha nilikuwa nasanifu vibao kwenye karakana ya uchapaji, ndo nilianza kuona wateja wanavyobishana na fundi jina liwe Kiswahili au Kiingereza. Nikamwambia dada yangu, hiyo ndo bayo yenyewe, mbona umeificha? Tukaishia hapa:

"Fulani M. Fulani ni mhadhiri wa isimujamii katika Chuo Kikuu B. Anatafiti maandishi ya mitaani, hasa namna Kiswahili na Kiingereza vinavyogawana nafasi kwenye vibao vya biashara, mada aliyoishughulikia pia katika tasnifu yake ya uzamivu (Chuo Kikuu A, 2021). Kabla ya kuanza kufundisha alikuwa msanifu wa vibao katika karakana ya uchapaji jijini Dar es Salaam."

Kama maneno 50 tu. Iko nafsi ya tatu, haina sifa hata moja, lakini ukimaliza kuisoma unajua huyu mtu amevishika vibao kwa mikono yake. Utaratibu ni huo: kazi na mahali, unatafiti nini (useme kwa sentensi, sio orodha ya mada 7), kitu kimoja kinachothibitisha, na kama kipo, jambo moja la maisha linalogusa mada. Kama halipo usilitafute, "anapenda kusafiri" haiwi ujoto, inakuwa kujazia tu.

Ila kabla ya yote soma mwongozo wa jarida lenyewe maana mila zinatofautiana kweli. Mengi niliyofanya nayo kazi yanataka maneno 50 mpaka 100. Ukienda kwa wahandisi, majarida ya IEEE, bayo yao ina aya tatu, ya kwanza mahali pa kuzaliwa inaruhusiwa pamoja na elimu, ya pili kazi, ya tatu uanachama na tuzo. Kwa hiyo ile Tanga ya Fulani kule isingekuwa kosa, hapa imekaa vibaya tu. Hata Dkt. na Prof. hivyo hivyo: mtindo wa APA hauweki vyeo wala shahada kwenye mstari wa jina, ila kwenye bayo kuna majarida yetu ya Kiswahili yanayoviweka. Angalia toleo lililopita fanya kama wao.

Kama mko wawili na mwenzako ni profesa wako, usimwandikie wewe. Mwanafunzi akimwandikia mwalimu wake lazima amtukuze, matokeo yake bayo ya profesa inakuwa nusu ukurasa na yako mistari miwili. Mwombe kwa heshima akupe yake, umtajie na idadi ya maneno, wengi wanayo tayari.

Twende kwenye maelezo ya mwandishi. Nafuata toleo la 7 la APA kwa sababu ndo limenyooka, na ukilijua hilo mengine unayaelewa haraka. Yanakaa nusu ya chini ya ukurasa wa jina, aya nne kwa mpangilio: namba ya ORCID, mabadiliko ya taasisi, matamko na shukrani, halafu mawasiliano. Aya isiyokuhusu unairuka.

ORCID ni ile namba ya tarakimu 16 ya mtafiti, unajisajili bure, na unaiandika kama kiungo kizima. Ya mfano, ambayo ORCID wenyewe wanaitumia kwa profesa wa kubuni, ni `https://orcid.org/0000-0002-1825-0097`. Ikopi usiichape kwa mkono. Na usishangae ukiona ya mtu inaishia na X, ile tarakimu ya mwisho inakokotolewa kutokana na zilizotangulia ili makosa ya uchapaji yagundulike, na X inasimama badala ya 10.

Aya ya pili ndo watu wanapigwa chenga. Fulani alifanya utafiti akiwa Chuo A, sasa anafundisha Chuo B, na alipotuma makala aliandika Chuo B chini ya jina lake. Hapana. Taasisi inayokaa chini ya jina ni ile iliyokuwa nyuma ya utafiti wakati kazi inafanyika, yaani A, halafu kwenye maelezo unaandika "Fulani M. Fulani sasa yuko Idara ya Isimu, Chuo Kikuu B." Bayo inasema B kwa sababu bayo ni ya mtu, jina la juu linasema A kwa sababu ni la kazi, na sentensi hiyo moja ndo inayozipatanisha. Ukiiacha msomaji anaona mkanganyiko, na Chuo A wanaweza kulalamika, tena kwa haki.

Aya ya tatu ndo ndefu na ndo watu wanaogopa. Ya Fulani ilikuwa hivi:

"Makala hii imetokana na tasnifu ya uzamivu ya mwandishi. Kazi ya uwandani iligharamiwa na ruzuku ya utafiti ya Chuo Kikuu A. Chuo hakikushiriki katika uchambuzi. Kaka wa mwandishi anamiliki karakana ya vibao wanakofanya kazi mafundi wawili kati ya waliohojiwa; mafundi hao walihojiwa na msaidizi wa utafiti. Mwandishi anawashukuru wenye maduka walioruhusu vibao vyao kupigwa picha."

Habari ya kaka hakutaka kuiweka kabisa, anasema itaonekana kama upendeleo. Mimi naona kinyume chake: ikiandikwa na wewe, pamoja na ulichofanya kuipunguza makali, ni sentensi mbili na yameisha, ikija kugunduliwa na mwingine baadaye ndo inakuwa kesi. Angalia pia sauti yake, haijitetei, hakuna "licha ya hayo mwandishi alizingatia uadilifu wa hali ya juu", ukianza kujitetea ndo unazua shaka ambayo haikuwepo. Kama huna mgongano wa maslahi usikae kimya, andika "Mwandishi hana mgongano wa maslahi wa kutangaza." Kwenye shukrani, waliosaidia kazi tu na uwe umewaomba ruhusa kuwataja, na APA inasema usiwashukuru mhariri na wapitiaji kwa kazi yao ya kawaida. Mungu na wazazi walishapata ukurasa wao kwenye tasnifu.

Mawasiliano: mtu mmoja tu, anwani ya posta na barua pepe. Weka barua pepe itakayodumu, za vyuo mara nyingi zinafungwa ukihama na mtu anayetaka data yako anaandika hewani. Baada ya barua pepe hakuna nukta, APA ndo wanavyotaka.

La mwisho ni siri ya mapitio. Jarida likiwa na mapitio ambayo mpitiaji hakujui, haya yote, bayo na maelezo, yanakaa kwenye faili lake la ukurasa wa jina na makala inaenda peke yake. Nikipokea faili la makala natafuta jina la mwandishi ndani yake kwanza, na mara nyingi linatokea: kwenye jina la faili, kwenye "tasnifu yangu (Fulani, 2021)", au kwenye taarifa zilizofichwa na Word yenyewe. Hizo za Word unazitoa kwa `File > Info > Check for Issues > Inspect Document`, unakagua, unafuta, unasevu kopi mpya. Ile "tasnifu yangu" ibadilishe iwe nafsi ya tatu, kama unamnukuu mtu mwingine yeyote, au ufiche jina kama jarida linavyoelekeza. Makala ikikubaliwa utaletewa prufu, hapo ndo pitia bayo tena uone kama kazi na taasisi bado ni zile zile, na ujaribu kubofya kiungo cha ORCID uone kinafungua ukurasa wako na sio wa mtu mwingine.