Vinyoya vyeupe kwenye nguo nyeusi: tenga nguo kwa manyoya, si kwa rangi tu

Buibui jeusi likianuliwa na alama nyeupe, sabuni ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi haina kosa. Lowesha kidole usugue ile alama: kama ni sabuni isiyoyeyuka itateleza na kupotea, kama ni vinyoya vitajiviringisha na kuwa kiuzi chembamba. Ukiona kiuzi, tatizo lipo kwenye nguo ulizochanganya.

Taulo la pamba ndilo linaloongoza kwa kupukutisha. Limefumwa kwa vitanzi, na uzi wa vitanzi husokotwa kwa kulegea ili unyonye maji. Ulegevu huohuo hufanya vipande vifupi vya pamba vichomoke vikisuguliwa. Taulo jipya hutoa mengi zaidi kwa sababu linatoka kiwandani na mabaki ya pamba ndani yake, kwa hiyo mimi hushauri lifuliwe peke yake mara 3 za mwanzo. Lile la bei nafuu lenye pamba fupi huendelea kupukutika hata baada ya hapo, na taulo kuukuu huanza upya vitanzi vinapokatika.

Flisi, ile ya masweta na mablanketi laini, ni poliesta iliyochanwa kwa brashi za waya mpaka nyuzi zikasimama. Nayo hupukutika, hasa ikiwa mpya au ikisuguliwa kwa nguvu. Ila ina tabia ya pili: manyoya yake hunasa vinyoya vya wengine. Flisi nyeusi iliyofuliwa na taulo jeupe ni kazi ngumu kuisafisha kuliko buibui, maana pamba huzama katikati ya manyoya. Kwa hiyo flisi usiichanganye na taulo wala na nguo nyeusi laini.

Buibui la poliesta na suruali ya kitambaa cha suti kwa kawaida hazipukutishi chochote. Buibui lina nyuzi ndefu zisizo na ncha za kuchomoka, na uzi wa suruali umesokotwa ukakazwa. Hizi ni nguo za kupokea. Fulana ya pamba iko katikati: inatoa kidogo, inapokea kiasi. Kama huna hakika na nguo, ibandike selotepu ikiwa kavu, ibonyeze, uivute. Tepu ikitoka na ukungu wa nyuzi, nguo hiyo ni ya kundi la taulo hata kama ni nyeusi.

Sasa, kosa ninalokutana nalo zaidi ni la mpangilio wa maji. Tunabana maji, kwa hiyo nguo nyeupe huanza, za rangi hufuata, nyeusi humalizia kwenye maji yaleyale. Kwa kutunza rangi, utaratibu huo ni sahihi. Lakini taulo jeupe likiingia mwanzoni, vinyoya vyake hubaki vinaelea, na nguo nyeusi zinapoingia mwisho huvipokea vyote.

Chukua fungu la kawaida: shuka 2 nyeupe, taulo 2 nyeupe, mabuibui 2, suruali nyeusi na sweta la flisi la kijivu. Anza na shuka. Yatumie maji hayo kwa mabuibui na suruali, vikiwa vimegeuzwa ndani nje ili kinyoya kitakachonasa kikae upande usioonekana. Toa karatasi laini mifukoni kabla ya kuloweka. Moja tu inaharibu fungu zima. Kisha badilisha maji, fua taulo peke yake, na sweta libaki la mwisho kwenye maji mapya. Kama maji ni haba na lazima ya taulo yatumike kwa sweta, yachuje kwanza kwa kipande cha kanga kuukuu. Utashangaa kitakachobaki juu ya kanga.

Maji ya kusuuza ni muhimu vilevile. Usisuuze suruali kwenye ndoo iliyotoka kusuuza taulo. Kwenye mashine ya matenki mawili, safisha kifuko cha wavu kila fungu, na futa tenki la kukamulia baada ya taulo, kwani vinyoya hubaki ukutani na kwenye matundu. Ukijaza nguo kupita kiasi, zinasuguana zaidi na maji hayatoshi kuondoa kinachochomoka.

Nguo ikishaharibika, usikimbilie kuifua tena. Kinyoya kibichi hushikamana na kitambaa. Ianike ikauke kabisa, ikung'ute kwa nguvu nje, halafu pitisha brashi kuelekea upande mmoja. Kwa buibui la poliesta, ambalo likikauka huvuta vinyoya kwa umeme tuli, pitisha sifongo iliyokamuliwa hadi ikabaki na unyevu kidogo tu. Kwa flisi, selotepu pana ndiyo inayofika ndani, na mara nyingi utairudia sehemu moja mara kadhaa.