Sekunde 14 za Mbarara: jinsi maduara matatu yanavyokipata kitovu cha tetemeko

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika Kagera na nyumba zikaanguka Bukoba. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 5.9. Kitovu chake kiliwekwa karibu na Nsunga, kilomita chache tu kusini ya mpaka wa Uganda, na chanzo chenyewe kikiwa kama kilomita 40 chini ya ardhi.

Wanafunzi huniuliza mahali hapo panajulikanaje. Vitabu vya shule huchora maduara matatu yanayokutana kwenye nukta moja safi, na wazo hilo ni sahihi. Lakini ukikaa na bikari na ramani ya eneo letu, nukta hiyo haiji kwa hiari. Tufanye kazi hiyo kwa tetemeko la Kagera tukitumia vituo vitatu vya kupima matetemeko: Mbarara nchini Uganda (MBAR), Kilima Mbogo karibu na Thika (KMBO) na Lusaka (LSZ). Sekunde nitakazotaja nimezikokotoa kutokana na umbali na kasi za kawaida za mawimbi, kisha nikazikadiria. Sikuzisoma kwenye rekodi za siku ile.

Mwamba unapokatika hutoa mawimbi ya aina mbili kwa wakati mmoja. Mawimbi ya msingi, P, husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule yanakokwenda. Mawimbi ya upili, S, huutikisa kwa kuukatiza, nayo ni ya polepole. Ni kama pikipiki na baiskeli zilizoondoka pamoja: kadiri ulivyosimama mbali, ndivyo utakavyoisubiri baiskeli muda mrefu zaidi baada ya pikipiki kupita. Huhitaji kujua ziliondoka saa ngapi. Hata saa ya kituo ikiwa imekosea dakika nzima, pengo kati ya P na S halibadiliki, kwa sababu yote mawili yamepimwa kwa saa ileile.

Kwenye rekodi, P ni rahisi: mstari uliokuwa umetulia unaruka ghafla, hasa kwenye kipimo cha wima, kile kinachoandika mtikisiko wa juu na chini. S ndiyo yenye kazi, maana inafika wakati mstari bado unachezacheza kwa sababu ya P. Mimi huitafuta kwenye vipimo viwili vya mlalo, pale mawimbi yanapokuwa makubwa na mapana kwa pamoja. Anayetazama kipimo cha wima peke yake mara nyingi hunasa wimbi lililogeuka kutoka S kuwa P njiani, linalotangulia kidogo, na pengo lake linakuwa fupi kuliko la kweli.

Tuanze na Mbarara. Pengo ni sekunde 14. Katika ganda la dunia, P husafiri takriban kilomita 6.3 kwa sekunde na S kilomita 3.6. Tukiziita kasi hizo Vp na Vs, na nyakati za kufika tP na tS, umbali D ni:

```
D = (tS - tP) × Vp × Vs / (Vp - Vs)
D = 14 × 6.3 × 3.6 / 2.7 = 118 km
```

Yaani kila sekunde moja ya pengo ni kilomita 8.4. Ila hizo 118 ni umbali wa mshazari hadi kwenye chanzo kilicho chini, wala si umbali wa kupima juu ya ramani. Chanzo kikiwa kwenye kina cha kilomita 40, kanuni ya pembetatu mraba inatupa kilomita 110 kwenye ramani. Tunachora duara la kwanza: Mbarara katikati, na kilomita 110 kutoka hapo hadi ukingoni.

Kilima Mbogo pengo ni karibu sekunde 62. Ukizidisha tena kwa 8.4 utapata kilomita 521, na hapo ndipo wengi hukwama. Mbarara na Kilima Mbogo zimeachana kwa kilomita 726, hivyo duara la 110 na la 521 hata hayagusani. Katikati yake kunabaki pengo la kilomita 95 juu ya Ziwa Victoria. Maduara yasipofikiana namna hii, usianze kulaumu rekodi. Kwa umbali huo mawimbi ya kwanza kufika hayakupita kwenye ganda. Yalisafiri kwenye mwamba mzito ulio chini yake, ambako P hukimbia kilomita 8 na zaidi kwa sekunde. Kila sekunde ya pengo sasa ina thamani ya karibu kilomita 10. Ndiyo maana tunatumia jedwali la muda wa safari, linaloonyesha pengo la kila umbali, badala ya namba moja ya kuzidisha. Jedwali linatupa takriban kilomita 626. Chanzo kuwa chini kilomita 40 hapa hakuna maana kubwa, kwani kwenye mshazari mrefu kiasi hicho kunaongeza kilomita moja tu.

Duara la 110 na la 626 yanakatana, lakini tazama yanavyokatana. Jumla yake ni 736, na vituo vimeachana kwa 726. Maduara yamepishana kwa kilomita 10 tu, kama sahani mbili zilizosogezwa hadi kingo zake zikapandana kidogo. Yanakatana mahali pawili palipoachana kwa zaidi ya kilomita 80: pa kwanza ni karibu na Nsunga, Tanzania, na pa pili ni karibu na Masaka, Uganda. Vituo viwili haviwezi kukuambia ni papi.

Mkao huu wa maduara kugusana kwa kingo ndio ninaouogopa kuliko wote. Ukiisoma S ya Kilima Mbogo mapema kwa sekunde moja tu, duara lake linapungua kilomita 10, yale mawili yanagusana kwenye nukta moja, na kitovu kinaruka kilomita 40 kaskazini hadi ndani ya Uganda. Vivyo hivyo, ukisahau kina na kuchora Mbarara kwa 118 badala ya 110, kosa la kilomita 8 linakisogeza kitovu karibu kilomita 15 kusini. Kwa mashariki na magharibi jibu lako ni imara. Kwa kaskazini na kusini linateleza.

Kwa hiyo kituo cha tatu hakichaguliwi kwa kuwa karibu. Kinachaguliwa kwa upande kilipo. Kituo kingine cha Kenya kingetazama tetemeko kutoka mashariki kama Kilima Mbogo na kuacha mtelezo uleule. Lusaka iko mbali sana, lakini iko kusini, na duara lake linapita Kagera likielekea mashariki na magharibi, likiukata mtelezo huo karibu kwa pembe mraba. Nsunga iko kama kilomita 1,630 kutoka Lusaka, na Masaka kama 1,710. Tofauti ya kilomita 80 ni karibu sekunde 8 za pengo: kama 160 kwa Nsunga na 168 kwa Masaka. Katika umbali huo naweza kukosea S kwa sekunde mbili, hata tatu, kwa sababu inaanza taratibu. Sekunde nane siwezi kuzikosea. Masaka inaondoka.

Hata hivyo maduara matatu hayatakutana kwenye nukta. Yataacha pembetatu ndogo, na ukubwa wake unakuonyesha jumla ya makosa yako ya kusoma S, ya kasi ulizodhani na ya kina. Kina chenyewe vituo hivi haviwezi kukitoa vizuri, kwa kuwa hata kilicho karibu zaidi kiko kilomita 110, karibu mara tatu ya kina hicho. Kwa hilo unahitaji kituo kilicho karibu na kitovu, kwa umbali unaolingana na kina au pungufu yake. Kwa tetemeko hili kingepaswa kuwa Bukoba, Kyaka au Mutukula.