Kiambishi Pekee Hakitambulishi Hali ya Nomino ya Kilatini

Kuna ushauri ambao wanafunzi wa Kilatini hupewa mara nyingi mno, nami nimechoka kukutana na matokeo yake: kwamba mtu akishakariri majedwali ya makundi matano ya nomino, kila moja kwa hali zake tano, yaani maumbo yanayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi, katika umoja na wingi, basi kazi ya nomino imekwisha na kilichobaki ni msamiati. Mwanafunzi hukariri kweli. Hutamka *puella, puellae, puellae, puellam, puella* bila kusita, kisha huwekewa sentensi ya maneno saba na kukwama kwenye neno la kwanza. Akiuliza kwa nini amekwama, huambiwa arudi akakariri zaidi. Sidai kwamba majedwali yaachwe, kwa maana bila hayo hakuna pa kuanzia. Ninachopinga ni kuamini kwamba jedwali ndilo njia ya kusoma.

Jedwali huanza na hali na kuishia kwenye kiambishi tamati: unataka genitivu, yaani hali ya umilikaji, ya umoja ya *puella*, “msichana”, jedwali linakupa *puellae*. Msomaji anakwenda kinyume chake. Mbele yake kuna kiambishi, naye hajui hali. Hapo ndipo jedwali linapomwacha, kwa sababu kiambishi kimoja hutumika katika hali kadhaa. *Puellae* ni genitivu ya umoja, ni dativu ya umoja, hali ya mpokeaji, na ni nominativu ya wingi, hali ya kiima. Kiambishi *-is* ni dativu ya wingi katika *puellis*, au ablativu ya wingi, hali ya mahali, ya chombo au ya kutoka, lakini ni genitivu ya umoja katika *regis*, na katika *civis* kinaweza hata kuwa nominativu ya umoja. Irabu ndefu zingesaidia kutofautisha baadhi ya hizi, ila alama zake hupatikana zaidi katika vitabu vya wanaoanza, na matini nyingi zilizochapishwa hazina alama hizo.

Tuchukue sentensi hii: *Servi regis filiae dona in templo dant.* Mwanafunzi wa majedwali huanza kushoto. *Servi* ni nominativu ya wingi au genitivu ya umoja, naye huchagua ile aliyoizoea. *Filiae* ina uwezekano wa mambo matatu, naye hukisia. *Dona* ina *-a* kama *puella*, kwa hiyo huiita nominativu ya umoja, na kuanzia hapo sentensi nzima imeharibika.

Mimi huanza na kitenzi. *Dant* maana yake ni “wanatoa” au “wanapa”, na kitenzi cha namna hii kina nafasi tatu: mtoaji, ambaye atakuwa katika nominativu, kitu kinachotolewa, ambacho kitakuwa katika akuzativu, na mpokeaji, ambaye atakuwa katika dativu. Kitenzi kiko katika wingi, kwa hiyo kiima kikitajwa kwa nomino moja, nomino hiyo iwe ya wingi. Sasa ndipo ninapouliza ni maneno gani yanaweza kujaza nafasi hizo. *Dona* ni wingi wa *donum*, nomino isiyo ya kiume wala ya kike, ambayo nominativu na akuzativu yake hufanana daima. Na kwa kuwa zawadi hazitoi chochote, hiyo ni akuzativu. *Servi* inafaa kuwa kiima. *Filiae* inafaa kuwa mpokeaji. *Regis* haiwezi kuwa kitu kingine ila genitivu, kwa hiyo inategemea nomino iliyo karibu nayo. *Templo* ingeweza kuwa dativu au ablativu, lakini kihusishi *in* hakichukui dativu kamwe, hivyo ni ablativu, na maana yake ni mahali tendo linapofanyika. Watumwa wanampa binti wa mfalme zawadi hekaluni.

Badilisha herufi za mwisho tu, uandike *dat* mahali pa *dant*, na kila kitu kinahama. Kitenzi sasa ni cha umoja, kwa hiyo *servi* haiwezi tena kuwa kiima, wala *filiae*. Kiima hakikutajwa, ni “yeye” aliyekwisha kujulikana kutokana na maneno yaliyotangulia, na *servi* imekuwa genitivu: zawadi za mtumwa. Neno *servi* lenyewe halikubadilika hata kidogo. Mtu anayedai kwamba kiambishi hutambulisha hali anieleze, basi, ni nini kilichobadilika.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mazoezi huwa havilisemi. Hata ile sentensi ya kwanza, sarufi peke yake haiifungi. *Regis* inaweza kutegemea *servi*, yaani watumwa wa mfalme wanampa binti fulani. *Filiae* inaweza kuwa genitivu, yaani watumwa wa binti wa mfalme wanatoa zawadi, na mpokeaji hatajwi. Inaweza pia kuwa nominativu ya wingi, na hapo mabinti wa mfalme ndio wanaotoa. Nina sababu ya kupendelea tafsiri yangu, kwa kuwa inajaza nafasi zote tatu za kitenzi, lakini upendeleo huo si uthibitisho. Katika matini halisi muktadha ndio unaoamua, na ufunguo wa majibu unaotoa tafsiri moja bila maelezo unamfundisha mwanafunzi uhakika ambao hata mwalimu hana.

Ruwaza zipo, na ni chache. Nje ya nomino zisizo za kiume wala za kike, akuzativu ya umoja huishia na *-m* na ya wingi na *-s*. Genitivu ya wingi huishia na *-um* katika makundi yote, iwe *-arum*, *-orum* au *-ium*. Dativu na ablativu za wingi hufanana kila mahali. Ruwaza hizi hupunguza sana mzigo wa kukariri, lakini zina mwelekeo uleule wa jedwali: akuzativu ya *servus* ina *-m*, ila si kila *-um* ni akuzativu ya umoja, kwa sababu *regum* ni genitivu ya wingi na *donum* yaweza kuwa nominativu. Ndiyo maana kamusi hutoa nominativu pamoja na genitivu, *rex, regis*. Anayejifunza neno bila genitivu yake hajui kundi wala shina, na hawezi kujua kwamba *regum* na *servum* ni hali tofauti.

Kundi la tatu lina ukaidi wake. Kanuni inayotabiri genitivu ya wingi *civium* kutoka *civis* ingetabiri *canium* kutoka *canis*, lakini Warumi walisema *canum*. Hilo hukaririwa tu.

Ablativu ndiyo inayobebeshwa majina mengi kupita kiasi: ya chombo, ya namna, ya sababu, ya mahali, ya kutoka. Wingi huo una chanzo cha kihistoria, kwa kuwa ablativu ya Kilatini imemeza hali tatu zilizokuwa mbalimbali katika lugha ya kale iliyozaa Kilatini: ya kutoka, ya chombo na ya mahali. Hizo tatu humtosha msomaji. *Ex urbe*, “toka mjini”, ni kutoka, *gladio*, “kwa upanga”, ni chombo, *in templo* ni mahali. Nayo *in templum*, kwa akuzativu, ni kuelekea. Kuhusu migawanyo midogo zaidi nina shaka ya kweli. Nikisoma *timore tacet*, ananyamaza kwa hofu, vitabu hunitaka niamue kama hofu ni sababu ya kunyamaza au ni namna ya kunyamaza, nami sioni ushahidi wowote kwamba Mrumi aliyeisema alilazimika kuchagua.