"You and I" haifai kila mahali

"Skuli tulikatazwa kusema 'me and Asha'. Sasa kwa nini 'between you and I' nayo iwe kosa?"

Katazo lile lilihusu mtenda tu. Chukua "me and him went to Darajani", ufute mmoja mmoja. "Me went" haisimami, wala "him went". Basi ni "he and I went". Kwetu "mimi" haibadiliki, akiwa mtenda au mtendwa, ndiyo maana sikio halishtuki.

Kwenye "between" kufuta hakusaidii, kwani neno hilo lataka wawili. Hapo badilisha wote kwa "we" au "us". "Between we" haisemwi. Husemwa "between us", kwa hiyo "between you and me". Hata Waingereza huteleza hapa, kwa kuiogopa "me" kupita kiasi.