Hatari anaijua: dhana potofu kuhusu ubongo wa kijana

Dhana potofu: Kijana hujiingiza katika hatari kwa sababu haielewi.

Ukweli: Kijana wa miaka 15 akiulizwa kwa utulivu kuhusu ajali au maambukizi, mara nyingi hukadiria hatari kuwa kubwa kuliko ilivyo. Kinachobadilika ni uzito wa raha iliyo mbele yake. Tangu balehe, sehemu za ndani ya ubongo zinazopima tuzo huitikia kwa nguvu zaidi, ilhali sehemu ya mbele, inayosaidia kuzuia msukumo, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20.

Mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha utafiti uliotumia mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari: kadiri mchezaji alivyosonga mbele baada ya taa ya njano kuwaka ndivyo alivyopata alama zaidi, lakini aliyechelewa kusimama aligonga ukuta na kuzipoteza. Mbele ya wenzao, wachezaji wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi kuliko wa umri huohuo waliocheza peke yao, ila kwa wa miaka 24 na zaidi kuwepo kwa wenzao hakukuleta tofauti ya maana. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulipiga picha za ubongo wakati wa mchezo wa aina hiyo, na vijana walipojua kwamba rafiki zao wanawatazama kutoka chumba kingine, sehemu zao za tuzo zilichangamka zaidi. Mchezo si barabara, na wastani wa kundi haumwelezi kila kijana, lakini matokeo haya yanaonyesha kwa nini mawaidha pekee hayatoshi.

Tuseme binti wa miaka 16 ameahidi kutopanda gari la dereva aliyelewa. Ahadi hiyo ni ya kweli, ila ameitoa sebuleni, naye ataitekeleza usiku akiwa na rafiki watatu walioketi tayari garini. Mzazi anayelijua hili hupanga mapema usafiri wa kurudi, au hukubaliana naye kwamba akipiga simu atafuatwa na hatahojiwa usiku huohuo. Kwangu mimi, mpango wa namna hii una thamani kuliko hotuba ndefu, kwa sababu unapunguza idadi ya maamuzi anayopaswa kuyafanya mbele ya wenzake.

Dhana potofu: Kabla ya miaka 25 kijana hawezi kuamua jambo la maana.

Ukweli: Hakuna siku ambayo ubongo hukamilika. Katika maamuzi yasiyo na haraka wala watazamaji, vijana wengi wa miaka 16 hufikiri karibu sawa na watu wazima, hivyo ni haki kuwashirikisha kikamilifu katika kuchagua masomo au matibabu.

Hata hivyo, ujana usitumiwe kueleza kila kitu. Kijana anayejidhuru, au anayekunywa pombe akiwa peke yake ili asahau maumivu, hatafuti msisimko wa rika lake. Anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya bila kusubiri akue.