Vocha "Iliyokwisha Kutumika": Nani Asimamishe, Nani Arudishe

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba usajili ulionunuliwa kwa vocha ya punguzo hauvunjiki, kwa kuwa muuzaji wa vocha anakutuma kwa mtoa huduma na mtoa huduma anakurudisha kwa muuzaji. Kazi yangu hapa Mombasa ni kuwafuatilizia watu malalamiko ya malipo, na nimechoka kuona mtu akiacha haki yake kwa sababu ya imani hii.

Tatizo huanzia kwenye ujumbe wa mteja mwenyewe: "Nifutieni usajili, mnirudishie pesa zangu." Hayo ni maombi mawili. Kusimamisha usajili ni kazi ya mwenye akaunti, yaani mtoa huduma, na kurejesha pesa ni juu ya yule aliyezipokea. Ukiyaweka katika ujumbe mmoja, kila upande utajibu ile nusu isiyouhusu, na jibu lake litakuwa la kweli.

Mama mmoja wa Kisauni alinunua mwezi wa Januari vocha ya masomo ya mtandaoni ya mwaka mzima kwa shilingi 3,600, wakati bei ya kawaida ni 6,000. Alimlipa muuzaji kwa M-Pesa, kisha akaingiza nambari ya vocha kwenye tovuti ya mtoa huduma, ambako alitakiwa pia kuweka kadi ya benki. Mwezi wa Machi mtoto alihamia shule ya bweni. Muuzaji akasema, "Vocha imeshatumika." Mtoa huduma akasema, "Sisi hatukupokea pesa zako."

Nilimwomba aanze na kadi, kwa sababu hapo ndipo hasara mpya ingetokea. Tuliingia kwenye akaunti, tukaona kwamba mwaka ukiisha usajili ungejirefusha wenyewe kwa bei kamili, tukauzima, tukapiga picha ya ukurasa ulioonyesha tarehe, na tukahifadhi barua pepe ya uthibitisho. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi chochote. Kadi ikikatwa baada ya hapo, uthibitisho huo ndio benki itakaoutaka ili kupinga makato, ingawa benki haiwezi kugusa zile 3,600 zilizopita M-Pesa. Wala kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 si njia yake, kwa maana huduma hiyo ni ya pesa zilizotumwa kwa makosa, na hizi zilifika zilikokusudiwa.

Sasa nifike kwenye neno linaloniudhi, "imetumika". Muuzaji analitumia kana kwamba kuingiza nambari ya vocha na kuipokea huduma ni kitu kimoja. Kuingiza nambari kunageuza vocha kuwa muda wa huduma, na muda huo huliwa mwezi baada ya mwezi. Mama huyu alikuwa amekula miezi miwili, na kumi ilikuwa bado. Vocha haiwezi kuuzwa tena, hilo nakubali, na ikiwa masharti aliyoonyeshwa kabla ya kulipa yalisema wazi kwamba baada ya kuingizwa hakuna marejesho, msimamo wake unadhoofika sana. Ndiyo maana nataka kuyaona masharti ya siku ya ununuzi, wala si yale yaliyopo leo.

Tulimwandikia mtoa huduma swali moja tu: vocha hii ilifunguliwa lini, na je, kuna kiasi ambacho bado hamjalipwa na muuzaji kwa ajili yake? Akajibu kwamba hulipwa na muuzaji kila mwezi, kwa akaunti zilizo hai. Basi miezi kumi iliyobaki ilikuwa bado mikononi mwa muuzaji, na jibu hilo tulimpelekea yeye pamoja na ujumbe wa M-Pesa unaotaja jina la biashara yake.

Hesabu ndiyo iliyonipa shaka, na bado ninayo. Kwa bei aliyolipa, mwezi ni shilingi 300, kwa hiyo alidai 3,000. Muuzaji alisema punguzo lilikuwa la atakayekaa mwaka mzima, hivyo miezi miwili ihesabiwe kwa bei kamili ya 500, zibaki 2,600. Masharti hayakusema lolote. Mimi naegemea upande wa 3,000, lakini hoja yake si ya kupuuzwa.

Nilimweleza mama kwamba angeweza kuwashtaki wote wawili pamoja katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na isiyomlazimu kuwa na wakili, ili watupiane lawama mbele ya mwamuzi badala ya kumtupia yeye. Tulipomwarifu muuzaji kwa maandishi kwamba tumejiandaa kufika huko, alituma 2,600 siku ya nne, na mama akazipokea.